Homa Isiyoisha na Chupa Sita za Damu

Homa inapokaa wiki tatu, wengi wetu huwa tumeshamaliza dozi ya dawa mseto ya malaria na tumeshapita duka la dawa kuchukua amoksilini. Kwa watu wengi hatua hiyo haileti madhara makubwa. Kwa mtu mwenye vali mbovu ya moyo, vidonge hivyo vichache vya amoksilini vinaweza kufuta ushahidi pekee ambao ungemwonyesha daktari anapambana na kitu gani.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, hasa kwenye vali. Bakteria huingia kwenye damu, mara nyingi kutoka kwenye fizi au kidonda cha ngozi, hujishikiza kwenye vali iliyoharibika na kujijengea madonge madogo yaliyochanganyika na damu iliyoganda. Madonge hayo huila vali taratibu. Kipande kikikatika husafirishwa na damu hadi kwenye ubongo, figo au wengu, ndiyo maana kijana anaweza kufikishwa hospitali na kiharusi kumbe mzizi wake ni homa aliyoipuuza mwezi mzima. Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa aina hii ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Walio na vali za bandia, waliozaliwa na kasoro za moyo, na wanaojidunga dawa za kulevya nao wamo hatarini.

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Ni mama wa miaka 29 mwenye vali ya mitro iliyosinyaa tangu utotoni. Ana homa za jioni kwa wiki tatu, jasho usiku, amepungua uzito na hamu ya kula imekwisha. Kipimo cha haraka cha malaria kimesoma hasi mara mbili, lakini alishameza dawa mseto. Bahati nzuri dawa hiyo haiui bakteria hawa, na antibayotiki hajagusa. Kliniki joto lake ni nyuzi 38.4.

Hapo daktari anapaswa kushuku, na kushuku kwake kuna kanuni. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walitoa vigezo vyao mwaka 1994, vikarekebishwa mwaka 2000 na kupitiwa tena mwaka 2023. Vigezo vikubwa vinavyotegemewa zaidi ni viwili: damu kuotesha bakteria wanaofahamika kwa kushambulia vali, na ushahidi kwamba vali yenyewe imeshambuliwa, kwa kawaida kupitia kipimo cha eko. Vigezo vidogo ni kama homa ya nyuzi 38 au zaidi, kuwa na moyo ulio hatarini, na dalili za vipande vilivyosafiri au kinga ya mwili iliyovurugika. Vigezo vikubwa viwili, au kimoja na vidogo vitatu, au vidogo vitano, vinathibitisha ugonjwa. Kikubwa kimoja na kidogo kimoja, au vidogo vitatu peke yake, vinamweka mgonjwa kwenye kundi la wanaoweza kuwa nao.

Mama yetu ana homa na ana vali mbovu: vidogo viwili, havitoshi. Daktari akisikiliza kifua anasikia mvumo, ila mvumo huo upo kwenye faili lake tangu zamani, kwa hiyo hauhesabiwi. Kisha anavuta kope ya chini na kuona vidoa vyekundu vitatu vya damu, vidogo kama ncha ya pini. Hiyo ni dalili ya mishipa, kigezo kidogo cha tatu. Kope huvutwa kwa sekunde chache bila gharama yoyote, na hapa imembadilishia mgonjwa kundi.

Anapelekwa eko. Mpimaji anaona vali nene yenye makovu, ila hawezi kuapa kama uvimbe mdogo pembeni ni donge jipya au ni kovu la zamani. Hili hutokea mara nyingi kwa wagonjwa wa rumatiki. Eko ya kumezeshwa mrija huona vizuri zaidi, lakini haipatikani kila hospitali. Sasa kila kitu kinategemea damu.

Damu ya kuotesha huchukuliwa kabla ya antibayotiki, mara tatu, kila mara kwenye mshipa mwingine kwa sindano mpya. Kwa mtu mzima kila mara hutoka mililita 20 hivi, zikigawanywa kwenye chupa mbili, moja ya bakteria wanaohitaji hewa na nyingine ya wasioihitaji. Zote ni chupa sita. Wagonjwa hulalamika kwamba wananyonywa damu, lakini jumla ni mililita 60, wakati mchangiaji damu hutoa 450 na kurudi nyumbani. Kiasi hicho kina sababu: bakteria kwenye damu wanaweza kuwa wachache sana, na chupa yenye mililita mbili ni rahisi kuwakosa. Mtoto hutolewa kidogo kulingana na uzito wake.

Mara tatu pia ina maana yake. Bakteria wa ngozi wakionekana kwenye chupa moja kati ya sita, huenda waliingia na sindano. Wakijitokeza walewale kutoka mishipa mitatu tofauti, ni vigumu kuilaumu ngozi. Ndiyo maana muuguzi hupaka dawa ya kuua vijidudu, akaiacha ikauke, na hagusi tena pale anapochoma. Damu haivutwi kwenye kanula iliyokwisha kukaa mkononi. Chupa huandikwa saa na mkono uliochomwa, kisha hupelekwa maabara bila kuwekwa kwenye friji.

Hakuna haja ya kungoja homa ipande, kwa kuwa vali iliyoambukizwa humwaga bakteria kwenye damu muda wote. Kwa kuwa mama huyu ametulia, sampuli zake zinaweza kuachana kwa saa kadhaa, na dawa ikasubiri. Mgonjwa aliyezidiwa, mwenye presha inayoshuka, hatolewi damu kwa mwendo huo: sampuli huchukuliwa haraka ndani ya saa moja na dawa inaanza papo hapo.

Siku ya pili chupa zote zinaonyesha streptokokasi wa kinywani. Kigezo kikubwa kimoja na vidogo vitatu: ugonjwa umethibitika. Dawa inachaguliwa kwa jina la bakteria, kwa mshipa, wiki nne au zaidi, na damu inaoteshwa tena baada ya siku mbili tatu hadi iwe safi.

Kama angekuwa amemeza amoksilini, homa ingeweza kushuka siku chache na chupa zote sita zikakaa kimya. Angebaki na vigezo vidogo vitatu na eko isiyosema, akatibiwa kwa kubahatisha, kwa dawa nyingi na kali zaidi. Homa inayoondoka na antibayotiki na kurudi vidonge vikiisha ni alama ya hatari kwa mwenye vali mbovu.

Kwa hiyo, ewe uliyewahi kuambiwa una tatizo la vali, au uliyefanyiwa upasuaji wa vali: homa ikikushika bila sababu ya wazi, usianze na duka la dawa. Nenda hospitali, taja moyo wako kabla hujataja homa, mweleze daktari kila dawa uliyomeza, na uliza kama damu ya kuotesha itachukuliwa kabla ya dozi ya kwanza.