Chumvi Haifungi Rangi ya Kanga

Ukinunua kanga mpya, hutakosa wa kukwambia uiloweke usiku kucha kwenye maji ya chumvi kabla ya kuifua, isije ikachuja. Wengine huongeza siki kidogo. Asubuhi maji huwa yamegeuka rangi, mwenye kanga akaridhika kwamba dawa imefanya kazi. Tatizo ni kwamba kwa nguo ya pamba iliyochapwa rangi, chumvi haifungi kitu, na mara nyingine ndiyo inayoipeleka rangi pale isipotakiwa.

Tukichukue kisutu, kanga ya bibi harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hakuna nguo inayoumbua ufuaji mbaya kama hii. Nyekundu ikitoka kidogo tu, nyeupe iliyo jirani yake inakuwa ya waridi, na huwezi kumwambia mtu kwamba ndivyo ilivyonunuliwa.

Kwanza tujue rangi hiyo inayotoka ni ipi. Kanga na vitenge vingi vya pamba huchapwa kwa rangi ambazo, zikipata magadi na joto la mvuke, huungana moja kwa moja na uzi. Rangi za aina hii zilianza kuuzwa mwaka 1956, na sifa yao kubwa ni kwamba ile iliyokwisha kuungana na uzi haitoki kwa kufuliwa. Shida ni kwamba si yote inayoungana. Ipo sehemu ambayo kiwandani hukutana na maji kabla ya kukutana na uzi, ikapoteza uwezo wake wa kushika. Hiyo hubaki ndani ya kitambaa kama abiria aliyekosa kiti: yumo garini, lakini hana pa kujishikiza. Kiwanda kinachofanya kazi yake vizuri huiondoa kwa kusuuza mara nyingi, kwanza kwa maji baridi, kisha kwa maji ya moto sana yenye sabuni. Kiwanda kinachobana maji, kuni au umeme hukatiza hapo, na kazi iliyobaki unaimalizia wewe nyumbani.

Kwa hiyo rangi inayochuja kwenye beseni si ile iliyo imara ikawa inaharibika. Ni mabaki yaliyopaswa kuondoka tangu kiwandani. Lengo la kufua mara ya kwanza, basi, si kuyafunga, kwa sababu hayafungiki tena. Lengo ni kuyatoa haraka bila kuyapa nafasi ya kutua kwenye nyeupe.

Hapo ndipo chumvi inapokosea. Mtu aliyewahi kutia rangi kwenye pamba anajua kwamba chumvi hutiwa ndani ya beseni la rangi, na hutiwa kwa makusudi. Rangi ikiwa imeyeyuka hupenda kubaki kwenye maji. Chumvi huisukuma itoke kwenye maji iende kwenye pamba. Kwa mtia rangi hilo ni jambo jema. Kwako wewe uliyeloweka kisutu ni balaa, kwa sababu chumvi haichagui pamba ipi. Mabaki ya nyekundu yaliyokwisha kutoka yanasukumwa yarudi kwenye kitambaa, na sehemu iliyo wazi kuyapokea ni ile nyeupe. Kweli maji ya chumvi yanaweza kuonekana na rangi pungufu kuliko maji matupu, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Rangi haikufungwa. Imebaki ndani ya nguo, inangoja siku utakapoifua kwa maji yasiyo na chumvi, au siku utakapotoka jasho ukiwa umevaa gauni jeupe chini yake.

Siki nayo ina kazi yake, lakini kwa sufu na hariri, ambazo hutiwa rangi za aina nyingine zinazoshika penye asidi. Kwenye pamba haisaidii. Itumie kwenye kachumbari.

Jambo hili linawagusa zaidi watu wa pwani, ambako visima vingi hutoa maji ya chumvi. Anayefua kanga mpya kwa maji hayo ameshatia chumvi bila kukusudia. Kwa ufuaji wa kwanza hasa, ni bora kutafuta maji ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima yana ubaya mwingine pia: sabuni ya mche haitoi povu vizuri ndani yake, badala yake inafanya utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Kanga ikifuliwa hivyo kwa miezi, nyeusi inakuwa ya kijivu na watu wanasema imepauka, kumbe rangi ipo, imefunikwa tu. Maji matamu yenye uvuguvugu na sabuni ya maji huweza kuirudisha kwa kiasi.

Sasa turudi kwenye kanga yetu ya kisutu. Kabla ya kuilowesha yote, lowesha kitambaa cheupe, kikunje juu ya kidole, ukisugue kwenye sehemu nyekundu mara kumi hivi. Fanya hivyohivyo mahali pengine kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kibichi kikishika rangi na kikavu kisishike, una mabaki ya kawaida, na maji yatayatoa. Kikavu nacho kikishika rangi, hapo ni habari nyingine: rangi imekaa juu ya uzi, pengine imebandikwa kwa kitu kama gundi, na itaendelea kutoka kila inaposuguliwa, hasa mahali pa mikunjo. Hakuna loweko la kutibu hilo. Nguo ya namna hiyo unaifua peke yake, kwa mkono mwepesi, bila brashi, na hupaswi kuilipia bei ya kanga nzuri. Jaribio la kitambaa kikavu linaweza kufanyika hata dukani, kwenye ncha, muuzaji akikuruhusu.

Tuseme ni mabaki ya kawaida. Weka doti moja kwenye beseni au ndoo yenye maji kama lita 20, yasiyo moto, bila sabuni. Wingi wa maji ni muhimu kuliko sabuni, kwa sababu rangi kidogo kwenye maji mengi haina nguvu ya kurudi kwenye nguo. Iingize kanga ikiwa imekunjuliwa, kisha uigeuzegeuze bila kuacha. Usiiloweke ukaenda kupika. Nguo ikitulia, sehemu nyekundu hulala juu ya nyeupe, na rangi haihitaji hata kusafiri. Baada ya dakika tatu au nne, itoe, mwaga maji, weka mengine. Maji ya kwanza huenda yakawa na ukungu mweupe pamoja na rangi. Ukungu huo ni wanga wa kiwandani uliokuwa unakifanya kitambaa kiwe kigumu, usikutie wasiwasi. Rudia mpaka maji yawe na rangi ya mbali tu.

Baada ya hapo ndipo unaweka sabuni kidogo, iliyokwisha kuyeyuka, na maji ya uvuguvugu. Utaona rangi imetoka tena. Ni kawaida, kwani joto hulegeza mabaki yaliyo ndani zaidi ya uzi, na ni afadhali yatoke leo ukiwa umesimama hapo kuliko siku ikiwa imechanganywa na mashuka. Endelea kuigeuza, mwaga, kisha suuza mpaka maji yawe safi.

Wengi hufika hapa salama wakaharibu mwishoni. Hukamua kanga, wakaiacha imeviringika ukingoni mwa beseni huku wakimalizia nguo nyingine. Ule unyevu uliobaki bado una rangi kidogo, na saa moja ya kulaliana inatosha kuchapa kivuli cha pindo kwenye mji. Ikamue kwa kuibana na taulo kuukuu, ikung'ute, uianike papo hapo ikiwa imetandazwa, isijikunje mara mbili kwenye kamba.

Na ikiwa nyeupe imekwisha kuwa ya waridi? Usiiache ikauke, na usiipige pasi. Irudishe kwenye maji mengi ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, yenye sabuni, uigeuze, na uyamwage kabla hayajapoa. Mara mbili au tatu zinaweza kuondoa sehemu kubwa ya doa, kwa kuwa rangi iliyotua pale haijaungana na uzi. Isipotoka kwa mara hizo, ikubali ilivyo. Kinachonisikitisha ni kuona watu wanakimbilia jiki. Jiki haijui rangi ya waridi uliyoikusudia. Itaila nyekundu halali na kuigeuza nyeusi kuwa kahawia, na huko hakuna kurudi.

Kupauka kwa jua ni somo fupi zaidi. Mwanga wa jua huvunja rangi hata ile iliyoungana na uzi, na nguo mbichi huathirika zaidi kuliko kavu. Kanga huchapwa upande mmoja, kwa hiyo ukiianika ndani nje unaokoa upande unaoonekana. Kitenge cha waksi kimechapwa pande zote mbili, hivyo kama hakijashonwa, kukigeuza hakukisaidii. Kitafutie kivuli chenye upepo. Kikishakuwa gauni, ligeuze ndani nje kwa kufua na kwa kuanika, maana upande utakaoumia ni ule usioonekana. Sabuni ya unga ya nguo nyeupe nayo iache kwa nguo nyeupe. Baadhi zina vitu vya kung'arisha vinavyobadilisha sura ya rangi nyepesi, na ukimwaga unga mkavu juu ya kitambaa kibichi unaweza kupata madoa yaliyopauka mahali ulipoangukia.

Kitenge kina hatari moja ambayo kanga haina, nayo ipo kwa fundi cherehani. Kikishonwa kabla ya kufuliwa, kikawekewa bitana nyeupe au kuunganishwa na lesi, ufuaji wa kwanza unafanyika nguo ikiwa imekwisha kukamilika, na mabaki yote yanatafuta pa kutua. Isitoshe pamba hurudi ikifuliwa, na bitana isiyorudi kwa kiasi hichohicho itaivuta nguo ikae vibaya. Kifue kipande chote kabla ya kukipeleka, ukiwa umeshona ncha zilizokatwa zisichambuke. Kama bitana ni ya pamba, ifue nayo, peke yake. Kisha mwambie fundi kwamba kitambaa kimekwisha kufuliwa, ili asikuongezee nafasi ya kurudi ambayo haihitajiki tena.