Kofia ya chuma inapovuliwa

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna mtungi uliochorwa na Mgiriki Exekias yapata mwaka 530 kabla ya Kristo. Unamwonyesha Akilesi akimchoma mkuki wa shingo Penthesilea, malkia wa Waamazoni aliyekuja kuisaidia Troya. Uso wa Akilesi umefichwa na kofia ya chuma. Ya malkia imerudishwa nyuma, uso uko wazi, na macho yao yamekutana.

Hadithi inasema papo hapo Akilesi alimpenda. Thersite alipomcheka kwa hilo, Akilesi alimuua. Hivyo malkia aliyeongoza jeshi akageuka kuwa chanzo cha majonzi ya mwanamume.

Miaka elfu mbili baadaye, Mwitalia Torquato Tasso alilirudia jambo hilo katika utenzi wake wa vita vya msalaba, uliochapishwa 1581. Shujaa wake Klorinda anapigana upande wa Waislamu, lakini kwa asili ni binti wa mfalme wa Ethiopia. Alizaliwa mweupe kwa wazazi weusi. Mama yake, akihofia wivu wa mumewe, akampa mtumishi amtoroshe. Njiani mtoto akanyonyeshwa na chui milia.

Usiku mmoja Klorinda anavaa deraya nyeusi badala ya ile nyeupe inayojulikana na wote, anatoka kwenda kuuchoma moto mnara wa Wakristo, na anaporudi anakuta lango limefungwa. Tankredi, Mkristo anayempenda kwa siri, anadhani ni askari wa kiume. Wanapigana mpaka alfajiri. Klorinda anaanguka na kuomba abatizwe. Tankredi anachota maji ya kijito kwa kofia yake, anarudi, anaufunua uso wa adui, na ndipo anapomtambua.

Ni tukio zuri, hilo halina ubishi. Ila angalia kilio ni cha nani: kuanzia hapo tunafuata maumivu ya Tankredi, na Klorinda hata dini yake ameiacha kabla ya kukata roho.

Linganisha na Fumo Liyongo wa pwani yetu. Naye anauawa kwa hila: mwanawe anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Lakini Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na anafia hapo hapo. Watu wanakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, wakimdhani yu hai. Hakuna anayemvua chochote ili kumtazama uso, wala muuaji hageuki kuwa mhusika mkuu. Maiti ya mwanamume inaendelea kutisha. Ya mwanamke inapendwa.

Mwaka 1624 Monteverdi aliligeuza pambano lile la usiku kuwa muziki. Sehemu kubwa inaimbwa na msimuliaji, mwanamume, na Klorinda ameachiwa mistari michache tu.