Funguo Zinazokufa Jioni: Namna Kampuni Zinavyoachana na Siri za Kudumu za Wingu

Kampuni inayokodi seva na hifadhi ya data kwa Amazon Web Services, yaani AWS, hulazimika kuamua mapema wafanyakazi na programu zake zitajitambulisha vipi. Njia ya zamani ni ufunguo wa kudumu. Msimamizi humfungulia mtu jina la mtumiaji ndani ya akaunti ya AWS, kisha mfumo humpa jozi ya maandishi: utambulisho wa herufi 20 unaoanza na `AKIA`, na siri ya herufi 40. Jozi hiyo huwekwa kwenye faili la kompyuta yake liitwalo `~/.aws/credentials`. Tangu hapo, kila ombi linalotoka kwenye kompyuta hiyo hutiwa saini kwa siri ile, na AWS ikiiona saini ni sahihi hutekeleza.

Jozi hiyo haina tarehe ya kuisha. Hufanya kazi mwezi huu, mwakani na mwaka unaofuata, mpaka mtu akumbuke kuizima. Tena AWS haina njia ya kujua ni nani hasa ameshika siri. Nakala iliyosahaulika kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha acha kazi, au iliyotumwa kwa mwenzake kwenye simu, ina nguvu ileile ya nakala ya kwanza.

Kampuni ya usafiri ya Uber ilipata funzo hilo mara mbili. Mwaka 2014 mvamizi alitumia ufunguo wa AWS ambao mhandisi wa kampuni alikuwa ameuacha hadharani kwenye GitHub, mahali ambapo watengeneza programu huhifadhi msimbo wao, akafikia taarifa za madereva. Mwaka 2016 wavamizi wengine waliingia kwenye hazina ya msimbo ambayo ilikuwa ya faragha, wakakuta ufunguo umeandikwa humo, wakachota taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Katika visa vyote viwili hakuna kufuli la AWS lililovunjwa. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo halali.

Njia mpya huanza kwa kukubali kwamba kampuni tayari ina daftari la watu wake. Daftari hilo huwa kwenye huduma kama Microsoft Entra ID, Okta au Google Workspace, ndiko mfanyakazi anakoingilia kusoma barua pepe. Badala ya kumfungulia jina lingine ndani ya AWS, msimamizi huunganisha daftari hilo na huduma ya AWS iitwayo IAM Identity Center, ambayo hadi mwaka 2022 ilijulikana kama AWS SSO. Pande mbili huunganishwa kwa kawaida kupitia SAML 2.0, kanuni iliyotolewa mwaka 2005. Daftari hutia saini tamko kwamba mtu fulani amethibitishwa, na AWS, iliyokwisha kupewa cheti cha kukagulia saini hiyo, hulikubali tamko. Neno la siri la mfanyakazi halifiki AWS kamwe.

Kisha msimamizi hutengeneza vifurushi vya ruhusa, kwa mfano kimoja cha kusoma kumbukumbu za seva tu na kingine cha kubadilisha mipangilio, na kuvigawa kwa vikundi vya wafanyakazi. Anayehamishwa kikundi hubadilika ruhusa bila mtu kugusa AWS.

Mhandisi anayetaka kusoma kumbukumbu za seva huanza siku yake kwa amri moja:

```
aws sso login --profile kumbukumbu
```

Kivinjari hufunguka na kumpeleka kwenye ukurasa uleule anaoingilia barua pepe. Anaandika neno la siri, anathibitisha kwa simu, anafunga kivinjari. Nyuma ya pazia, programu ya amri hupokea tokeni inayothibitisha kwamba ameingia, kisha huibadilisha kwa ufunguo wa muda. Ufunguo huu una sehemu tatu: utambulisho unaoanza na `ASIA`, siri, na tokeni ya kikao inayobeba muda wa kuisha. Usipobadilishwa mpangilio, ufunguo huishi saa 1, na msimamizi anaweza kuurefusha hadi saa 12 tu. Ukiisha, programu huomba mwingine kimyakimya mradi kikao cha kuingia kingali hai, nacho kwa kawaida ni saa 8. Jioni kila kitu hufa chenyewe. Mwizi atakayelipata faili hilo kesho atakuta maandishi yasiyofungua chochote.

Hitilafu inayojitokeza mara nyingi wakati wa kuhama ni ufunguo wa zamani uliobaki kwenye mazingira ya kompyuta, katika `AWS_ACCESS_KEY_ID`. Profaili ikiwa imechaguliwa kwa `AWS_PROFILE`, ufunguo huo hutangulia, na mhandisi huendelea kutumia siri ya kudumu huku akidhani ameiacha. Ukweli hujulikana kwa amri hii:

```
aws sts get-caller-identity
```

Jibu lenye `assumed-role/AWSReservedSSO_` linaonyesha kwamba ameingia kwa njia mpya. Jibu lenye `:user/` linaonyesha kwamba ufunguo wa zamani ungali kazini.

Mashine nazo huhitaji njia yao, kwa kuwa hazina mtu wa kufungua kivinjari. Kazi inayopandisha programu kutoka GitHub hadi AWS hupewa na GitHub tokeni iliyotiwa saini, inayotaja hazina na tawi la msimbo ilikotoka. AWS hukagua saini, hukagua maelezo, kisha hutoa ufunguo wa muda kwa kazi hiyo. Uzito wote uko kwenye sharti lililoandikwa upande wa AWS:

```
repo:kampuni/malipo:ref:refs/heads/main
```

Sharti hili hukubali tawi moja la hazina moja. Likiandikwa `repo:*`, hazina yoyote ya GitHub duniani itaweza kuomba ufunguo wa kampuni na kupewa, kwa sababu saini ya GitHub ni sahihi kwa wote.

Muda mfupi una mipaka yake pia. Mfanyakazi akifukuzwa saa 4 asubuhi na jina lake kufungwa kwenye daftari, ufunguo wa muda aliouchukua dakika kumi kabla huendelea kufanya kazi hadi muda wake uishe. Ndiyo maana ruhusa kubwa hupewa muda mfupi zaidi, na msimamizi mwenye haraka huweza kuandika katazo linalokataa funguo zote zilizotolewa kabla ya saa fulani. Daftari lenyewe likizimika, hakuna anayeweza kuingia; kwa hiyo kampuni hubaki na akaunti moja ya dharura nje ya mfumo, inayolindwa kwa kifaa cha uthibitisho kilichofungiwa, na kila inapotumika wahusika hupata taarifa.

Kuhama hufanywa ufunguo kwa ufunguo. AWS huonyesha tarehe ambayo kila ufunguo ulitumika mara ya mwisho, na huduma iliyotumiwa nao. Ufunguo unaodhaniwa hauna kazi huzimwa kwanza bila kufutwa, kwa sababu uliozimwa huweza kuwashwa tena endapo ripoti ya kila mwisho wa mwezi itakwama. Mzunguko mzima wa kazi ukipita bila mtu kulalamika, hufutwa. Mfumo wa zamani usioweza kupokea funguo za muda hubakiziwa ufunguo wake, uliopunguziwa ruhusa hadi kazi moja inayouhitaji, na ulioandikwa mahali pa wazi pamoja na jina la mwenye dhamana nao.