Roshani Iliyokuwa Nyuma ya Bango

Katika Barabara ya Moi, Mombasa, pembe kubwa za aluminiamu hupishana juu ya magari na kuunda herufi M. Wenyeji hupaita Mapembeni, na ni nadra mgeni kupita hapo bila kutaka picha. Hadithi inayofuata imebuniwa, lakini kila anachokifanya mhusika wake hufanywa kwenye kompyuta za wapiga picha kila siku.

Ni kijana wa mtaani anayepiga picha karibu na bustani ya Uhuru. Asubuhi, kabla matatu hazijajaa, aliipenda sura moja kuliko zote: pembe mbele, tuktuk chache chini yake, na nyuma ghorofa la zamani lenye madirisha ya mbao. Kero lilikuwa bango. Tangazo la muda wa maongezi, jekundu na kubwa kama ukuta, lilikuwa limesimama kwenye nguzo mbili mbele ya ghorofa lile na kuvuta jicho lote. Aliisubiri asubuhi yenye mwanga mzuri, akapiga, akaenda nyumbani kulifuta.

Kulifuta hakukumchukua muda. Alichora mstari kuzunguka bango, akachagua Content-Aware Fill, zana iliyoingia katika Photoshop mwaka 2010, na bango likatoweka. Ukuta uliojitokeza ulikuwa na mawaa, kwa hiyo akanakili dirisha la kushoto, akaligeuza upande, akalibandika mahali pake; kisha akafanya vivyo hivyo kwa orofa ya juu. Chini ya bango palikuwa na ncha ya kitambaa iliyoning'inia na kipande cha mbao kilichochomoza. Aliviona kama takataka, akavifuta pia. Akahifadhi kazi yake kwa jina lilelile la faili la awali. Wiki iliyofuata alikuwa na harusi ya kupiga, akaifomati memori kadi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalijui kuhusu kufuta kitu katika picha. Kamera haikuona kilichokuwa nyuma ya bango, na kompyuta nayo haikioni. Zana hiyo hutazama pikseli za jirani, huchukua vipande vinavyofanana na kingo za tundu, huviunganisha na kuvilainisha. Kwa hiyo ukiondoa kitu, lazima uweke kingine. Anga au bahari tupu haileti taabu kubwa, kwa sababu kipande kimoja cha anga hukaribia kufanana na kingine. Jengo ni jambo tofauti. Fundi aliyelijenga hakuweka madirisha kwa kufuata pikseli za jirani.

Picha ya kijana wetu ilinunuliwa sana. Aliichapa kubwa, akaitia fremu, akaipanga kando ya njia. Miaka ikapita, ghorofa likabomolewa, bango nalo likaondolewa. Siku moja mama mmoja wa makamo akasimama mbele ya fremu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hii nyumba ndiyo niliyozaliwa. Mbona roshani yetu siioni?"

"Roshani ipi, mama?"

"Ya orofa ya pili, hapa. Mama yangu alikuwa akianika kanga zake hapo mpaka alipofariki. Wewe umeweka dirisha."

Kijana akaeleza kwamba hapo palikuwa na bango. Mama akajibu kwamba bango analijua, na kwamba waliishi nyuma yake kwa miaka. Ncha za kanga zilikuwa zikionekana kwa chini. Ndipo kijana alipokumbuka kile kitambaa na kile kipande cha mbao. Aliporudi nyumbani alilitafuta faili la awali kwenye kompyuta na kadi zote. Hakulipata.

Majuto yake hayakuletwa na sheria yoyote. Picha ya mapambo si ushahidi wa mahakamani, na aliyeinunua hakuahidiwa kwamba kila tofali ni la kweli. Lakini picha ya mtaani hununuliwa kwa sababu mtaa upo. Bango lilikuwa sehemu ya mtaa ule, tena ndilo lililobeba tarehe yake: bei, namba, mtindo wa maandishi. Na kidogo kilichosalia cha roshani kilikuwa pembeni mwa bango, mahali ambapo msafishaji hupitisha mkono kwanza.

Kwenye magazeti na mashirika ya habari mstari huu umechorwa kwa ukali zaidi. Mwaka 2010, shindano la World Press Photo lilimnyang'anya Stepan Rudik, mpiga picha wa Ukraine, tuzo yake ya tatu. Alikuwa ameikata picha sana, akaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe na kuikoleza giza, na hayo hayakuwa kosa lake. Kosa lilikuwa kufuta kipande kidogo cha mguu wa mtu kilichojitokeza nyuma ya mkono. Waamuzi waliligundua walipolinganisha picha hiyo na faili ghafi la kamera.

Aliyefanana zaidi na kijana wetu ni Narciso Contreras wa Meksiko. Mwaka 2013 alipiga picha ya mpiganaji nchini Syria, na kwenye kona ikaingia kamera ya video ya mwandishi mwenzake. Akaifuta na kunakili ardhi ya jirani juu yake. Baadaye aliwaambia wahariri mwenyewe na kueleza majuto yake. Associated Press walizikagua karibu picha zake 500, hawakukuta nyingine iliyoguswa, lakini Januari 2014 walikatisha uhusiano naye. Kitu alichokifuta hakikuwa na uzito wowote katika habari ile. Shirika lilishikilia kwamba msomaji hawezi kujua ni kipi kina uzito na kipi hakina, kwa hiyo hakuna kinachofutwa.

Kuondoa bango lenyewe ni habari nyingine kabisa. Jiji la São Paulo, Brazili, lilipitisha sheria mwaka 2006 na mwaka uliofuata maelfu ya mabango yakashushwa. Nyuma ya baadhi yake vikaonekana vibanda vya maskini ambavyo wapita njia hawakuwa wakiviona. Bango la chuma likishushwa, kilichofichwa hujitokeza. Kwenye kompyuta hutokea kinyume: kilichofichwa hufichwa mara ya pili, na safari hii hakuna anayejua kwamba pana kitu kilichofichwa.

Msomaji anayetaka kujua kama picha imeguswa aanze na vivuli. Kitu hufutwa, kivuli chake kikabaki barabarani. Kisha atazame vioo vya magari na madimbwi ya maji, kwani bango lililotoweka ukutani huenda bado limo kwenye kioo cha teksi. Madoa mawili ya ukuta yanayofanana kabisa ni dalili ya kunakili, na sehemu laini mno katikati ya picha yenye chembechembe ni dalili nyingine. Fundi hodari huweza kuziba yote haya, na hapo ni faili la awali tu litakaloamua.

Mpiga picha anayekerwa na bango ana njia kabla ya kufika kwenye kompyuta. Asogee hatua chache kushoto ili pembe lenyewe lilifunike, achutame, asubiri matatu ipite mbele yake, au aikate picha. Akiona lazima afute, afanye hivyo kwenye nakala, alitunze faili la awali mahali pawili, na nyuma ya kila picha anayouza aandike kwamba bango limeondolewa, mwaka gani, na lilisimama wapi.