Dari Isiyotoa Jasho

Asubuhi ya mwezi Machi jijini Dar es Salaam, mtu akitia maji ya bomba kwenye kikombe cha bati, akachovya kipimajoto, kisha akawa anadondosha barafu kipande kimoja kimoja huku akikoroga, hatasubiri sana. Kipimajoto kikishuka hadi karibu nyuzi 25, ubavu wa kikombe hupoteza mng'aro wake, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akipitisha kidole, kinatoka na maji.

Joto hilo ndilo linaloitwa nukta ya umande. Hewa ikigusa kitu chenye joto hilo au pungufu, hushindwa kuubeba mvuke wake wote, na ziada inageuka maji. Sasa achukuliwe mtu anayetaka kufunga juu ya meza za ofisi bati lenye maji ya nyuzi 16 ndani yake, katika mji ambao kikombe huanza kulowa kwenye nyuzi 25. Ukimweleza fundi mzoefu wa viyoyozi, atacheka kwanza, halafu atauliza ndoo ziko wapi.

Hata hivyo mitambo ya aina hiyo ipo, na inafanya kazi katika nchi za joto. Kuna paneli baridi, yaani bati la dari lenye mabomba yaliyoshikizwa mgongoni. Maji baridi hupita humo, na bati hunyonya joto linalotoka kwenye miili ya watu, kompyuta na kuta, bila upepo na bila kelele. Kuna pia boriti baridi, kasha refu linalotundikwa darini likiwa na koili ndani. Katika boriti za aina inayotumika zaidi maofisini, hewa safi hupulizwa kupitia vitundu vidogo na kuivuta hewa ya chumba ipande ipite kwenye koili. Kiyoyozi cha kawaida kina sinia la kukinga maji na bomba la kuyatoa nje. Paneli haina, na boriti nyingi hazina. Tone likijitokeza, njia yake ni moja tu: chini, kwenye meza ya mtu.

Kinachowavutia watu ni umeme. Ujazo uleule wa maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya ule wa hewa, kwa hiyo pampu ndogo inashika nafasi ya feni kubwa. Tena mtambo unaopoza maji hadi nyuzi 16 hautumii nguvu nyingi kama ule unaoyafikisha nyuzi 7. Kampuni ya Infosys ililipima jambo hili mjini Hyderabad, India, katika jengo lililogawanywa nusu mbili zinazofanana: moja ikapozwa kwa hewa kwa mfumo ulioboreshwa, nyingine kwa mabomba ya maji yaliyozikwa kwenye zege. Nusu ya maji ilitumia umeme pungufu kwa takriban asilimia 34.

Siri haiko kwenye paneli, iko kwenye hewa. Na hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu mteja hufungua katalogi ya paneli kwanza, wakati hesabu inatakiwa ianze na umande.

Tuchukue ofisi ya mfano huko Dar es Salaam: sakafu ya mita za mraba 200, watu 20. Ndani wanataka nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50. Hewa ya namna hiyo ina nukta ya umande ya nyuzi 14 hivi, na kila kilo yake imebeba gramu 10 za mvuke. Nje, kwa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, kila kilo imebeba karibu gramu 20. Kila mtu aliyekaa mezani naye anatoa takriban gramu 80 za maji kwa saa kwa pumzi na jasho, ambazo kwa watu wote ni kilo moja na nusu au zaidi kidogo.

Mvuke huo lazima ubebwe na hewa safi inayoingizwa, kwani paneli haikausha chochote. Kwa lita 10 za hewa kwa sekunde kwa kila mtu, inaingia hewa ya kilo 840 hivi kila saa. Ili iweze kufyonza mvuke wa watu 20 bila kuvuka gramu 10, inatakiwa iingie ikiwa na gramu 8 tu, yaani iwe imepozwa hadi nyuzi 11 hivi kwenye mtambo wake wa kukaushia. Kazi hiyo peke yake hukamua karibu lita 10 za maji kila saa, ndoo ndogo nzima. Maji hayo hutoka kwenye mtambo, penye sinia na bomba, mahali panapostahili.

Mtambo huo wa kukausha bado unahitaji maji ya nyuzi 6 au 7. Baadhi ya wabunifu huishia kununua mashine moja ya kupoza maji hadi nyuzi 7, kisha huyachanganya yawe ya nyuzi 16 kwa ajili ya dari. Inafanya kazi, ila sehemu kubwa ya akiba ya umeme inapotea. Jengo likiwa kubwa kiasi, mashine mbili zinalipa.

Umande ukishafungwa kwenye nyuzi 14, maji ya dari yanaweza kuwa nyuzi 16, na nyuzi mbili za katikati zikabaki kuwa akiba ya usalama. Kwa maji hayo, mita ya mraba ya paneli huondoa takriban wati 75. Ofisi yetu ikiwa na madirisha makubwa yasiyo na kivuli, joto lake laweza kufika kilowati 14. Hewa safi ikiingia ikiwa baridi huondoa karibu 3, zinabaki 11, sawa na mita za mraba 150 za paneli. Dari lenye taa, vipaza sauti na mabomba ya zimamoto halina nafasi hiyo.

Boriti hutoa zaidi kwa kila mita, lakini nguvu yake inategemea wingi wa hewa inayopulizwa ndani yake. Takwimu nono za katalogi kwa kawaida zinadai hewa nyingi kuliko mahitaji ya watu 20, na katika mji wa pwani kila lita ya ziada ni mvuke wa kukamua. Ndiyo maana kwa ofisi hii uamuzi bora ni kuweka vivuli nje ya madirisha kabla ya kununua chochote. Joto likishuka hadi kilowati 10, paneli za mita za mraba 95 zinatosha, chini ya nusu ya dari. Boriti zibaki kwa chumba cha mikutano, ambako watu wengi hukaa pamoja na hewa nyingi inahitajika hata hivyo.

Ulinzi unaobaki ni wa vihisi. Kihisi cha unyevu kinakokotoa umande wa chumba, na vali inapandisha joto la maji ili libaki juu ya umande kwa nyuzi mbili. Tatizo ni kwamba vihisi huzeeka. Kikikosea kwa asilimia 3 tu ya unyevu, umande unaosomwa hukosea kwa karibu nyuzi moja, na nusu ya akiba imekwenda. Kwa hiyo huwekwa pia kihisi cha pili, kile kinachofungwa kwenye bomba lenyewe na kuzima maji kikiguswa na unyevu. Kifungwe kwenye bomba la kuingilia, karibu na vali, maana huko ndiko kwenye baridi kuliko kote, na mpira wa kuzuia joto mara nyingi huachwa wazi kwenye viungio. Fundi anayetafuta chanzo cha doa la maji huinua kwanza bati lililo chini ya vali, kisha huangalia kama juu ya dari kuna upenyo unaoingiza hewa ya nje.

Siku ngumu kuliko zote ni Jumatatu. Mitambo imelala tangu Ijumaa jioni, hewa ya pwani imepenya milangoni, na umande wa ndani umeukaribia ule wa nje. Maji baridi yakifunguliwa pamoja na taa, dari linalowa kabla chai haijamiminwa. Utaratibu ni kuwasha mtambo wa kukausha peke yake mapema, huku vali za dari zikiwa zimefungwa, na kusubiri kihisi kisome chini ya nyuzi 14. Wafanyakazi wa kwanza huikuta ofisi ikiwa kavu lakini bado ina joto kidogo, na mmoja wao kwa mazoea huenda kufungua dirisha. Swichi iliyofichwa kwenye fremu hufunga vali ya upande ule palepale.