Ramani ya ukumbi kwenye kadi: mgeni asiishie Mbezi nyingine

Dar es Salaam ina Mbezi mbili. Iko Mbezi Beach, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo ukielekea Tegeta, na iko Mbezi ya Kimara, ambayo wengi huiita Mbezi Mwisho au Mbezi Luis, kwenye Barabara ya Morogoro, ilipo stendi ya mabasi ya mikoani ya Magufuli. Barabara inayopita Goba inaziunganisha zote mbili. Kwa hiyo kadi ya harusi iliyoandikwa "Ukumbi uko Mbezi, njia ya Goba" inaweza kumfikisha mgeni kwenye mwisho wowote wa barabara hiyo, na akawa amefuata maelezo sawasawa. Atakapogundua kosa, foleni ya Jumamosi jioni itakuwa imeshamla saa nzima.

Ramani ndogo nyuma ya kadi inamaliza utata huo, na kuichora hakuhitaji fundi. Tuchukue ukumbi wa kufikirika ulio upande wa Mbezi Beach, karibu na njia panda ya Tangi Bovu, pale Barabara ya Goba inapochepuka kutoka Barabara ya Bagamoyo. Alama ndogondogo za mtaani tutakazozitaja nazo ni za mfano. Barabara kuu ni hizo hizo unazozijua.

Kabla ya kushika penseli, jiulize wageni wanatokea wapi. Wa kwetu watatokea pande tatu: wa mjini, Kinondoni na Sinza watapitia Mwenge, wa Tegeta, Bunju na Bagamoyo watateremka kutoka kaskazini, na wa Kimara na Kibaha watakatiza Goba. Kila kundi lina mahali ambapo ujuzi wake wa njia unaishia. Anayetoka Sinza haitaji kufundishwa namna ya kufika Mwenge. Anachohitaji ni kujua afanye nini akishafika Tangi Bovu. Ramani ianzie hapo anapoishia kujua.

Hilo ndilo linalokuonyesha cha kuacha. Kuna njia ya Makongo inayotokea upande wa Chuo Kikuu hadi Goba, na dereva mzoefu ataitumia. Usiichore. Kila mstari unaoongezwa ni njia panda moja zaidi ya mgeni kujiuliza gizani. Chora njia utakazompitisha mgeni, na mitaa michache ambayo anaweza kuikosea kona. Hiyo mitaa michache ichore kama vijiti vifupi vinavyokatika, ili ahesabu: si kona ya kwanza, ni ya pili.

Sasa kipimo. Tukisema sentimita 1 ya karatasi iwe mita 100, mita 800 za mwisho zitakaa vizuri kwenye sentimita 8. Lakini kutoka Mwenge hadi Tangi Bovu ni zaidi ya kilomita 5, kwa hiyo kipande hicho peke yake kingetaka karatasi ya zaidi ya nusu mita. Ukigeuza, ukakifinyaza kipimo ili Mwenge iingie, kona ya ukumbini inakuwa nukta. Suluhisho ni kuachana na kipimo kimoja. Safari ndefu iliyonyooka ifupishe, kisha chora vistari viwili vya mshazari kukata barabara hiyo, ishara kwamba hapo pameruka umbali. Mita za mwisho zipanue. Harry Beck alifanya jambo la namna hiyo alipochora ramani ya treni za chini ya ardhi za London, iliyotolewa kwa umma mwaka 1933: katikati ya jiji, vituo viliposongamana, alipapanua, na pembezoni akapavuta ndani, kwa kuwa abiria anataka kujua ashukie wapi na abadilishe wapi. Chini ya ramani yako andika kwa herufi ndogo: "Umbali haukuchorwa kwa kipimo", na umbali muhimu uandike kwa tarakimu kando ya barabara.

Chora kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, hata kama kadi itakuwa A6, yaani milimita 105 kwa 148. A6 ni nusu ya A4 kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo hesabu ni rahisi: kila ulichochora kitapungua nusu. Herufi kubwa ya milimita 5 itakuwa milimita 2.5, na hiyo bado inasomeka. Ya milimita 3 itakuwa 1.5, na mzee wa miaka 60 ndani ya gari hataiona. Barabara kuu ichore kwa mistari miwili iliyoachana milimita 6, ya mtaani milimita 3. Tofauti hiyo ya unene inamwambia mgeni kwamba anatoka kwenye lami pana na kuingia njia ndogo, bila kuandika neno.

Weka kaskazini juu. Barabara ya Bagamoyo ipite wima upande wa kulia wa karatasi: "Kutoka Mwenge" chini, "Kutoka Tegeta" juu. Kulia kabisa andika "Bahari ya Hindi". Kila mkazi wa Dar anajua bahari iko upande gani, na neno hilo moja linamgeuza mgeni akae sawa na ramani. Katikati ya barabara hiyo weka njia panda ya Tangi Bovu, na kutoka hapo Barabara ya Goba ielekee kushoto. Wageni wengi wanatokea Mwenge, nao wanapanda juu ya karatasi kama wanavyokwenda barabarani, kwa hiyo kushoto kwao ni kushoto kwa ramani.

Alama ndizo zinazobeba ramani, na hapo ndipo wachoraji wengi huteleza. Sherehe nyingi huanza jioni, kwa hiyo alama ijaribiwe kwa giza. Mbuyu unaoonekana vizuri saa sita mchana, saa moja usiku ni kivuli tu. Bango la matangazo linaweza kubadilishwa kabla ya siku yenyewe, na ukuta uliopakwa rangi ya kampuni ya simu leo, kesho utakuwa na rangi ya kampuni nyingine. Sheli huwaka taa. Msikiti wenye mnara, kanisa, shule yenye geti kubwa, kituo cha daladala chenye jina: hizo hukaa mahali pake. Nenda mwenyewe saa ile ile ya sherehe, uandike kile ambacho macho yanakiona kwanza.

Kisha kila alama ipime kwa pande zote mbili za safari. Kwenye mfano wetu, anayetoka Tangi Bovu anakwenda mita 600, anaona sheli kulia, na kona ya kwanza baada ya sheli, kulia, ndiyo ya ukumbini. Msikiti uko mbele zaidi ya kona hiyo. Akiufikia, amepitiliza. Lakini anayetoka Goba anakuja kinyume: anaanza kuuona msikiti, kisha kona iko kushoto kwake, na sheli ndiyo inayomwambia kwamba amepita. Kadi ikisema tu "kona baada ya sheli", wa Goba ataipita kona, afike sheli, aanze kutafuta mbele. Kwa hiyo chora vyote viwili, sheli na msikiti, na kona katikati yake. Alama mbili zinazoibana kona zinamsaidia kila mtu, atokee upande wowote.

Mishale ije mwisho, nayo iwe michache. Mshale mmoja kwa kila kona unatosha, ukiwekwa kabla ya kona, si juu yake, kwa sababu dereva anaamua kabla hajafika. Chora mkia mfupi, kichwa cheusi kilichojazwa, ndani ya barabara yenyewe, upande wa kushoto tunakoendesha. Kwa makundi matatu ya wageni usitegemee rangi pekee: kadi ikichapwa rangi moja au ikitolewa fotokopi, mwekundu na wa kijani hufanana. Andika ndani ya duara namba 1, 2 na 3 kwenye mwanzo wa kila njia, na chini ya ramani eleza kila namba kwa sentensi moja:

1. Kutoka Mwenge: Tangi Bovu kata kushoto, mita 600, pita sheli, kona ya kwanza kulia.
2. Kutoka Tegeta: Tangi Bovu kata kulia, kisha fuata kama namba 1.
3. Kutoka Goba: pita msikiti, kona ya kwanza kushoto kabla ya sheli.

Halafu mstari mmoja kwa wote: ukiingia kona, mita 200, geti jeusi kushoto. Wa daladala mwandikie ashukie kituo gani. Namba 2 ina jambo la kuangalia: anayekata kulia kwenye barabara ya njia nne anavuka magari yanayotoka mjini. Hakikisha kwamba pale unapomkatisha panaruhusiwa. Kama hapakatiki, mshale uende hadi mahali pa kugeuzia ndipo urudi.

Ukimaliza kwa penseli, pitisha kalamu nyeusi, futa penseli, kisha skani kwa ubora wa 300 au zaidi. Ukipiga picha kwa simu, piga mchana, karatasi ikiwa imelala, na umtumie mchapaji kama faili, si kama picha ya WhatsApp, maana picha hubanwa na herufi ndogo hufifia. Acha milimita 5 tupu kila upande, kwa kuwa mashine ya kukatia inaweza kula ukingo. Mwombe mchapaji kadi moja ya majaribio kwa ukubwa wake kamili kabla hajachapa zote. Isome kwa taa ya ndani ya gari. Kisichosomeka hapo kikuze, au kipunguze kando yake.

Mstari wa kiungo cha ramani ya simu uandike ukipenda, lakini hakikisha alama yake imewekwa getini. Ikikaa katikati ya jengo, simu inaweza kumpeleka mgeni mtaa wa nyuma, akasikia muziki ng'ambo ya ukuta na asione pa kuingilia.

Jaribio la mwisho si la kwako, kwa kuwa wewe unaijua njia. Mpe kadi hiyo mtu asiyewahi kufika, au dereva wa bajaji wa mtaa mwingine, aende bila kukupigia simu. Mwombe aanzie Goba, upande ambao wachoraji husahau. Pale atakaposimama kuuliza watu ndipo ramani ilipopungukiwa alama, na ni nafuu kuiongeza kadi zikiwa bado hazijachapwa.