Kiwanda Kiko Wapi? Ripoti ya Uendelevu Inaweza Kukujibu

Dangote Cement ya Nijeria ilikuwa ikieleza katika ripoti zake za mwaka 2022 na 2023 kwamba inafanya kazi katika nchi 10 za Afrika. Msomaji wa haraka atadhani kuna viwanda vya saruji katika nchi zote kumi. Sivyo, na ukitaka kujua kila nchi ina nini hasa, ripoti ya uendelevu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ripoti hiyo ni ile ambayo kampuni hueleza inavyotumia maji, nishati na ardhi, na inavyoishi na wafanyakazi na majirani zake. Kampuni nyingi huiandaa kwa kufuata viwango vya shirika la GRI, na kila kipengele cha viwango hivyo kina namba yake. Basi usianze kusoma ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho, kwenye faharasa ya GRI, utafute `GRI 2-1`: hapo kampuni hutakiwa kutaja jina lake la kisheria, makao makuu na nchi inakofanyia kazi. Kinachofuata, `GRI 2-2`, hutaja kampuni tanzu zilizohesabiwa katika ripoti.

Sasa una nchi, lakini bado huna viwanda. Makao makuu ya Dangote Cement yako Lagos, ilhali viwanda vyake vikubwa viko Obajana katika jimbo la Kogi na Ibese katika jimbo la Ogun. Senegali kiwanda kiko Pout, si Dakar. Kiwanda cha saruji hufuata mawe ya chokaa, na ofisi hufuata mji. Kwa hiyo anwani iliyo nyuma ya ripoti isikupoteze.

Hatua ya pili ni kuuliza kila mahali panafanya nini. Katika ripoti za saruji zilizoandikwa kwa Kiingereza, tafuta maneno `integrated`, `grinding` na `import terminal`. La kwanza ni kiwanda kamili: kina machimbo na tanuri linalochoma mawe hadi yawe klinka, kwa joto la takriban nyuzi 1,450. Mtwara ni kiwanda cha namna hiyo, chenye uwezo wa tani milioni 3 za saruji kwa mwaka. La pili ni kinu tu: Douala, nchini Kameruni, husaga klinka iliyochomwa kwingine. La tatu ni kituo cha bandarini cha kupokea saruji iliyokwisha kutengenezwa, kama kilichopo Freetown, Siera Leone. Zote tatu huhesabiwa kuwa nchi za kazi, lakini anayetafuta ajira ya fundi wa tanuri hana la kufanya Freetown.

Ripoti isipotaja aina ya kiwanda, tazama majedwali ya hewa chafu. Chokaa ikichomwa hutoa kaboni dioksaidi kutoka ndani ya jiwe lenyewe, takriban nusu tani kwa kila tani ya klinka, mbali na ile ya kuni, gesi au makaa. Kinu cha kusaga hakichomi mawe. Mzigo wake mkubwa ni umeme. Ukiona nchi yenye saruji nyingi na hewa chafu kidogo ya moja kwa moja, yaelekea pana kinu, si tanuri.

Kisha, katika ripoti zilizotolewa kabla ya 2026, tazama `GRI 304-1`. Kipengele hiki kiliitaka kampuni itaje maeneo yake yaliyo ndani au karibu na hifadhi, pamoja na mahali yalipo na ukubwa wake. Machimbo yasiyotajwa kwenye kurasa za biashara huweza kuonekana hapo.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kufuata jina maarufu badala ya jina la kisheria. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Dangote huko Lekki hakimo katika hesabu ya Dangote Cement, kwa kuwa ni kampuni nyingine. Kwa upande mwingine, viwanda vya Delmas na Aganang huko Afrika Kusini vilijulikana kwa jina la Sephaku, na anayetafuta neno Dangote peke yake angevikosa. La pili ni kusahau tarehe. Ripoti huhesabu kilichokuwepo hadi siku ya kufunga mwaka. Kiwanda kilichofunguliwa baadaye hakitaonekana, na kilichouzwa baadaye bado kitaonekana.

Ndiyo maana orodha yako ihakikiwe kwa picha za satelaiti. Kiwanda kamili hakijifichi: utaona shimo la machimbo, mnara mrefu wa kupashia mawe joto, na bomba kubwa la tanuri lililolala. Ripoti ikisema tanuri na picha ikaonyesha maghala na gati tu, rudi kwenye ripoti usome upya sentensi ile, kisha andika mwaka wa ripoti mbele ya kila jina unaloingiza kwenye orodha.